Goti limevimba kwa kudeki, mwenzangu katolewa maji mimi naambiwa nipumzike tu

*Dokta shikamoo. Mi nafanya usafi kwenye hosteli ya wanafunzi hapa Dar, korido na ngazi zote ni marumaru na msimamizi anataka madoa yasuguliwe kwa brashi ya mkono, kwa hiyo asubuhi yote niko magotini. Sasa goti la kulia limeota uvimbe juu ya pia ya goti, ukubwa wa yai, laini, ukibonyeza unacheza cheza. Una kama wiki tatu. Hauumi sana labda nikipiga goti au nikichuchumaa chooni, sio mwekundu na sina homa. Kituo cha afya dokta akashika shika akasema ni basaitisi, akaandika ibuprofeni na nisipige magoti, basi. Ila mwenzangu kazini alivimba hapo hapo mwaka jana, yeye walimchoma sindano wakavuta maji machafu, akalazwa na dripu, akapona. Mbona mimi sijatolewa maji? Ni kwa sababu sina bima? Jirani anasema nitoboe mwenyewe na sindano mpya, mama anataka nikandwe na maji ya moto, duka la dawa wameniuzia ampikloksi. Nishike lipi?*

*Mama wa wawili, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba mdogo wangu, pole na goti. Kwanza hiyo sindano ya jirani iweke pembeni kabisa, na ampikloksi usiianze, nitakwambia kwa nini. Na yule dokta hakukunyima kitu, bima haihusiki hapa, kwa maelezo yako na mimi ningefanya hivo hivo. We na mwenzio mmevimba mahali pamoja kwa kazi moja lakini kilichokuwa ndani ya uvimbe wake sicho kilichomo kwako.

Iko hivi. Kati ya ngozi na mfupa wa pia ya goti kuna kifuko kidogo chembamba sana, ndo hicho wanachokiita basa. Kikiwa kizima huwezi hata kukigusa ukakijua, ni kama mfuko wa nailoni mtupu ulioshikana kuta zake, ndani kuna ute kidogo tu, kazi yake ni ngozi iteleze vizuri juu ya mfupa mguu ukikunjwa na kukunjuliwa. Sasa mtu anayesugua sakafu hakai magotini wima kama yuko kanisani, anainama mbele, mkono mmoja umeshika sakafu mwingine unaenda na brashi, na akiinama vile uzito unahama kutoka chini ya goti unakuja juu ya pia yenyewe, halafu kila brashi ikienda na kurudi mwili nao unaenda na kurudi, kwa hiyo kile kifuko kinabanwa kati ya mfupa na marumaru na kusagwa hapo hapo asubuhi nzima. Kikishachubuka ndani kinafanya kile kinachojua kufanya, kinatoa ute zaidi ili kijilinde, na ute ukizidi ndo unaona yai. (Anayepiga magoti wima, kama padri, yeye huwa anavimba chini kidogo ya pia, kifuko kingine hicho.) Na sio ninyi tu wa usafi, mafundi marumaru wanayapata sana haya, na wachimba migodi ya chini kwenye mapito mafupi.

Kwa hiyo maji unayoyaona ni matokeo, chanzo ni msuguano. Shika hilo maana ndo litakueleza kwa nini kuyavuta peke yake hakusaidii mtu kama wewe.

Kabla sijaendelea, naomba uhakikishe kitu kimoja mwenyewe nyumbani maana mi sijakushika. Kaa kitandani nyosha miguu yote miwili, linganisha. Uvimbe wa kifuko unakaa mbele, juu kabisa ya pia ya goti, na unaifunika kiasi kwamba ukipapasa huupati vizuri ukingo wa mfupa. Maji yakiwa ndani ya jointi yenyewe picha inakuwa nyingine, goti linajaa sehemu ya juu ya pia kuelekea pajani na pembeni kulia na kushoto, vile vishimo vya pembeni vinapotea, pia yenyewe inabaki inaonekana na ukiibonyeza inazama kidogo halafu inarudi. Halafu kunja. Mwenye shida ya kifuko anakunja na kunyoosha bila tabu kubwa mpaka karibu na mwisho, pale ngozi ya mbele inapovutika, ndo maana we chooni unaumia lakini sidhani kama ngazi zinakusumbua. Mwenye maji ya jointi anaumia hata akikunja kidogo tu. Ukiona dalili za jointi rudi hospitali, huo ni mjadala mwingine kabisa na mengi ninayoandika hapa hayakuhusu.

Sasa tumzungumze mwenzio. Yale "maji machafu" yaliyovutwa karibu hakika yalikuwa usaha au yanaelekea huko, kwa sababu hakuna dokta anayemlaza mtu na dripu kwa ajili ya ute. Kifuko chake kilikuwa kimeingiwa na bakteria, na mara nyingi sana ni wale wanaoitwa stafilokokasi ambao wanaishi tu kwenye ngozi za watu wala hawana habari na mtu mpaka wapate mlango. Na hapa kazi yenu ina ubaya wake wa pekee ambao fundi wa sakafu kavu hana. Goti lenu linashinda limelowa. Maji ya sabuni, na mara nyingine jiki, yanailainisha ngozi mpaka inakuwa nyeupe nyeupe, ikishalainika inachanika kwa punje ya mchanga tu, mpasuko mdogo ambao hata huusikii, na chini ya huo mpasuko hakuna nyama, hakuna mafuta ya maana, ni kifuko moja kwa moja. Bakteria hawana safari ndefu.

Kifuko chenye bakteria kinajitangaza. Goti linavimba haraka, kwa saa au siku moja mbili, sio kidogo kidogo kwa wiki. Ngozi inakuwa ya moto, weka mgongo wa mkono goti hili halafu lile utaona tofauti bila kipimajoto. Wekundu kwa ngozi zetu nyeusi usiutegemee sana, mara nyingi utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, au ngozi kung'aa na kukakamaa. Maumivu yanakuwepo hata umelala, hata shuka likigusa. Homa inaweza kuwepo, ila wapo wengi tu wenye usaha kwenye kifuko na homa hawana, kwa hiyo mtu asijitie moyo kwamba mwili haujachemka basi ni salama. Wewe umeandika haujawa mwekundu, hauumi sana, umekua kwa wiki tatu, hayo yote yanaelekea upande wa kifuko kilichosagwa tu bila bakteria. Ulichosahau kunitajia ni kama una kidonda au mchubuko juu ya goti na kama una kisukari. Ukiwa na kimojawapo, au unaishi na VVU, au unatumia vidonge vya stiroidi kwa muda mrefu, basi mashaka yanatakiwa yapande haraka na uwe unaliangalia goti kila siku jioni ukioga. Likianza kubadilika chora ukingo wa pale palipobadilika rangi kwa kalamu ya wino, kesho ukikuta pamevuka mstari usingoje, nenda siku hiyo hiyo.

Haya, kutoa maji. Watu wanadhani ni matibabu kama kung'oa jino, kumbe mara nyingi sindano ile inaenda kuuliza swali. Dokta akiona goti la moto, linauma, anataka kujua ndani kuna nini, kwa hiyo anasafisha ngozi vizuri kwa iodini au spiriti, anaingiza sindano kutokea pembeni kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, sio katikati juu pale unapopigia goti, maana tundu la pale linaweza kugoma kuziba likawa linavuja kila siku. Anavuta, anaangalia. Maji ya manjano mepesi yanayopitisha mwanga yanatia moyo. Yenye damu yanakuja kwa mtu aliyeanguka au kujigonga. Mazito, ya ukungu, hayo ni ya kushuku. Lakini macho hayatoshi, yanapelekwa maabara yahesabiwe chembe nyeupe, yatazamwe bakteria kwa darubini na yaoteshwe, kuotesha kunachukua kama siku mbili tatu hivi, na yaangaliwe pia fuwele za gauti maana gauti nayo inapenda sana kifuko hiki na inaweza kukudanganya ukadhani ni usaha. Kikiwa na bakteria ndo dawa inaanza, mara nyingi hawasubiri majibu yote, na maji yakijaa tena yanavutwa tena, hata kila siku mbili, mpaka yatoke masafi au yaishe. Hapo kutoa ni lazima kwa sababu usaha uliofungiwa dawa haifiki vizuri ndani yake. Ukiwa mzito sana au haukubali kuisha kwa sindano, mtu anaingia tiata kukisafisha.

Kwa kifuko kisafi kama chako hesabu inageuka. Ukivuta leo, ukuta wa kifuko bado umechubuka na bado unatoa ute, kesho kutwa ukipiga goti tena yai limerudi. Na kila sindano inayopita kwenye ngozi inaweza kuwapitishia wale stafilokokasi mlango ambao hawakuwa nao, umeenda na ute unarudi na usaha. Hii ndo sababu dokta aliacha. Na kama hospitali kwa mikono iliyosafishwa na vifaa safi wanafikiria mara mbili, we utajitoboaje chumbani? Sindano mpya ni safi, ngozi yako sio safi, na kama sio ngozi basi vidole. Sitaki kukuficha, usaha wa goti uliotokana na kujitoboa ukisambaa kwenye damu ni jambo la kulazwa na hata kupoteza maisha.

Kuna hali chache kifuko kisafi kinatolewa maji hata hivyo. Kimejaa mpaka kimekaza na kinauma kiasi mtu hawezi kutembea au kulala, au mtu kaanguka na damu imejaa, au wiki zimepita kapumzika kweli kweli na hakipungui kwa hiyo dokta anaanza kujiuliza kama kuna kitu kingine, huku kwetu hata TB inaweza kukaa kwenye kifuko cha goti polepole miezi na miezi bila joto, ni nadra lakini ipo. Hapo akitoa atafunga bendeji ya kubana siku kadhaa ili kuta zishikane, na utaambiwa usipige goti, yani unarudi kule kule kwenye ushauri uliopewa bure.

Sasa kupumzika kwenyewe, maana naona neno hilo limekuudhi kidogo. Sio kulala. Tembea, panda ngazi, beba mtoto, hakuna shida. Kinachopumzishwa ni ule mgandamizo, kwa hiyo goti hilo lisiguse sakafu kabisa, hata mara moja kwa siku, kwa wiki nne hadi sita. Hata sio "nimepiga dakika mbili tu doa lilikuwa gumu", hizo dakika mbili zinarudisha uvimbe uliokuwa unanywea. Ukiswali swalia kwenye kiti, mgonjwa anaruhusiwa, na kanisani kaa tu hakuna atakayekuhukumu. Usilale kifudifudi goti likigandamizwa na godoro gumu. Siku za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi mara tatu kwa siku, kama huna friji hata pakiti ya maji ya baridi sana ya dukani inasaidia. Bendeji ya kuvuta inaweza kutuliza, ila isibane mpaka mguu ukafa ganzi. Ukikaa inua mguu.

Maji ya moto ya mama mwambie asante ila hapana, joto linaongeza damu kwenye kitu ambacho tayari kimewaka, na kile kinachofuata baada ya kukanda huwa ni kuchua, mtu anaminya yai kwa kidole gumba akitaka liyeyuke, ile ni kusugua kule kule tulikotoka. Kuchanja kwa wembe ndo usithubutu.

Ibuprofeni uliyoandikiwa inywe ukiwa umekula, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku chache tu, wiki hivi. Lakini kama una vidonda vya tumbo, figo, presha, pumu inayochokozwa na dawa hizi, au una ujauzito, rudi umwambie dokta abadilishe, parasetamo inatosha kwa maumivu madogo kama yako. Usichanganye na diklofenaki ile ya jirani, ni ndugu mmoja, unajipiga tumbo mara mbili.

Na ampikloksi. Kwanza huna bakteria wa kuua. Pili hata ungekuwa nao, ile kapsuli ya 500 nusu yake ni ampisilini ambayo stafilokokasi wengi siku hizi hawaisikii, inabaki nusu ya kloksasilini ambayo kwa goti lenye usaha ni kidogo. Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, ukimeza vidonge vitatu vinne halafu goti kweli likaja kuharibika, maji yakivutwa maabara wanaweza wasioteshe kitu, bakteria wamepigwa nusu kifo hawaoti lakini hawajafa, na dokta anabaki kubahatisha dawa. Irudishe dukani wakikataa basi, usigawie mtu.

Kazi najua ndo pagumu. Mwombe dokta aandike kwa maandishi kwamba hutakiwi kupiga magoti wiki sita, karatasi inasikika kuliko mdomo. Halafu nenda kwa msimamizi na pendekezo mkononi, sio malalamiko: brashi ngumu ya mpini mrefu, ile ya kusugulia mabaraza, inatoa madoa ya marumaru vizuri tu kama dawa ya sakafu imemwagwa na kuachwa ilowane dakika kumi kwanza, kinachofanya mtu apige goti mara nyingi ni kusugua doa kavu. Kisha dekio. Kona za ngazi kaa kwenye kigoda au kwenye ngazi ya chini yake. Na akikwambia hii sio ajali, ni uvimbe wako tu, mjulishe kwamba Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeuweka uvimbe huu huu wa mbele ya goti kwa kupiga magoti muda mrefu kwenye orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, ile ya 2010. Kama mwajiri wako anachangia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na kisheria anatakiwa, muulize taarifa inaandikwaje, hasa kama itafika kulazwa.

Kuna watu watakwambia nunua sponji weka chini ya goti uendelee. Kwa sasa hapana, sponji inapunguza haiondoi. Ila ukishapona, ndio, na iwe nene, kipande cha godoro gumu kiasi kwamba ukipiga goti usiisikie sakafu, kivikwe nailoni ili kisinywe maji, vinginevyo unapiga goti kwenye tambara la bakteria. Kinga zile za kufunga gotini nazo nzuri mradi uzivue kila saa goti likauke, na ukimaliza kazi osha goti kwa maji safi, kausha, paka mafuta.

Tarajia uvimbe upungue taratibu, sio kwa wiki moja. Umeuchukua wiki tatu kuujenga, na ngozi ya juu inaweza kubaki nene kidogo hata maji yakiisha. Wiki sita zikipita umepumzika kweli na yai liko vile vile, rudi, hapo ndo mwulize dokta habari ya kuvuta na kupima. Anaweza kutaja sindano ya stiroidi ndani ya kifuko, hiyo isichomwe mpaka ithibitike hakuna bakteria, na inaweza kukonda ngozi ya pale juu, kwa mtu wa kazi yako mi siipendi sana. Kukikata kifuko chote kwa opresheni kupo, ila ni kwa waliovimba na kurudia rudia miezi mingi, kidonda cha mbele ya goti kinachelewa kupona na ukirudi magotini mwili unaweza kutengeneza kifuko kingine.

Halafu huyo mwenzio, mwambie na yeye aombe brashi ya mpini mrefu, kifuko kilichowahi kuingiwa mara moja kinaweza kurudia.